Februari ni ya Nani? Barua ya Kwanza Baada ya Mkataba

Miaka kadhaa iliyopita nilitia saini mkataba wa kutunza hesabu za kampuni moja ya usafirishaji. Ilikuwa katikati ya mwezi. Tulikunywa chai, tukapeana mikono, na jioni ileile nikawaandikia barua pepe ya kuwakaribisha. Kwa macho yangu ilikuwa barua nzuri: salamu, shukrani, historia fupi ya ofisi yetu, na orodha ya nyaraka 31 tulizozihitaji. Ndani yake hapakuwa na tarehe hata moja.

Wiki 6 baadaye mwenye kampuni alinipigia simu. Mkononi alikuwa na barua ya mamlaka ya kodi. Ritani ya VAT ya mwezi uliotangulia mkataba wetu ilikuwa haijawasilishwa. Mhasibu wa zamani alidhani nimeichukua mimi, kwa kuwa alishaambiwa kazi yake imekwisha. Mimi nilidhani ni yake, kwa kuwa mauzo yale yalifanyika kabla sijaingia. Mteja alidhani wahasibu wake wawili wanajua wanachofanya. Faini aliilipa yeye.

Mkataba wetu ulikuwa na kurasa 9 na ulipitiwa na mwanasheria. Ulieleza ada, muda, siri za kazi na mahali pa kusuluhishia mgogoro. Haukueleza keshia afanye nini Jumatatu asubuhi, wala mwezi ule wa katikati, ambao mmoja anatoka na mwingine anaingia, ulikuwa wa nani. Hilo ni jukumu la barua inayofuata saini, na mimi niliigeuza kuwa kadi ya salamu. Tangu hapo nimeiandika upya mara nyingi. Nitaieleza kwa mfano wa mteja mmoja, kwa sababu barua hii haiwezi kueleweka bila kalenda ya mtu fulani mbele yako.

Mteja huyo ni kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Mwenyewe ni mama wa makamo, ana wafanyakazi 12, akaunti mbili za benki, na mwaka wake wa hesabu unaanza Januari na kuishia Desemba. Tulitia saini Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025.

Kabla ya kuandika neno lolote nilichukua kalenda nikaandika tarehe za kodi zilizokuwa mbele yake. Kodi ya mishahara ya Februari, pamoja na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, mwisho wake ulikuwa tarehe 7 Machi, yaani kesho yake. Ritani ya VAT ya Februari ilikuwa tarehe 20 Machi. Makadirio ya kodi ya mapato ya mwaka 2025, pamoja na awamu ya kwanza kati ya nne za malipo yake, yalitakiwa kufikia tarehe 31 Machi. Kodi ya mishahara ya Machi ilikuwa tarehe 7 Aprili, VAT ya Machi tarehe 20 Aprili, na ritani ya mapato ya mwaka 2024 tarehe 30 Juni.

Kisha nikaziweka sikukuu juu ya tarehe hizo. Tulikuwa ndani ya Ramadhani, na Idi ilitarajiwa kati ya tarehe 30 Machi na 1 Aprili, palepale penye makadirio. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume. Tarehe 20 Aprili mwaka ule ilikuwa Jumapili ya Pasaka, na Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 18. Tarehe tatu za kodi, na zote tatu zimeangukia siku ambazo duka limefungwa, benki zimefungwa, au keshia yuko kwao kijijini. Katika hali hiyo sisubiri kujua kama siku itasogezwa mbele. Narudi nyuma hadi siku ya kazi ambayo nina hakika watu wote wapo ofisini, naiita hiyo ndiyo mwisho wetu, na ndiyo ninayomwandikia mteja. Kwa mama huyu makadirio yakawa Alhamisi tarehe 27 Machi, kodi ya mishahara ikawa Ijumaa tarehe 4 Aprili, na VAT ikawa Jumatano tarehe 16 Aprili.

Kalenda hiyo ilijibu maswali mawili ambayo barua yangu ya zamani haikuyagusa kabisa: kipi ni chetu na kipi si chetu, na katika nyaraka zote ninazozitaka, zipi ninazihitaji kwanza.

Swali la kwanza ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu halijibiwi na mteja na mimi tu. Yupo mtu wa tatu, mhasibu anayeondoka. Maadili ya taaluma yetu yanataka, kwa ridhaa ya mteja, nimuulize mwenzangu huyo kabla ya kukubali kazi kama kuna jambo ninalopaswa kulijua. Wengi hufanya hivyo kwa barua ya mistari mitatu na kuishia hapo. Mimi huongeza swali jingine, tena kwa simu: ritani ipi ya mwisho utaiwasilisha wewe? Kwetu mhasibu anayeondoka mara nyingi ni mpwa wa mwenye biashara, au rafiki wa marehemu mzee, au mtu anayedai ada ya miezi mitatu. Mteja anaona haya kumpigia, na haya hiyo ndiyo inayozaa mwezi usio na mwenyewe. Kwa mama wa vifaa vya ujenzi alikuwa mtoto wa dada yake. Nilimpigia mimi, kwa heshima, nikamwambia mama ameniomba tukabidhiane vizuri. Alikubali kumaliza Februari yote.

Swali la pili linahitaji nidhamu ya kujizuia. Orodha yangu ya nyaraka 31 haikuwa na kosa hata moja. Kila kitu kilichomo kingehitajika siku moja. Ila mteja akiiona yote kwa mkupuo, katika simu, dukani, huku mtu anauliza bei ya nondo, anaiweka kando aisome akitulia, na mwenye duka hatulii. Isitoshe, kukusanya nyaraka za watu kabla ya kuzihitaji kuna uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu maalumu na achukue zinazohitajika kwa sababu hiyo tu. Orodha ya mishahara ina majina, namba za vitambulisho na pesa za watu 12. Sikuwa na kazi nayo hadi mwisho wa Machi, kwa hiyo sikuiomba mapema.

Niliyoyahitaji kwa makadirio ya tarehe 27 yalikuwa mambo manne tu. Hii hapa barua yenyewe, nikiwa nimeondoa majina na namba za simu.

*Kichwa cha barua: Makadirio ya kodi ya Machi: vitu 4 tunavyohitaji kufikia Ijumaa tarehe 14*

*Mama, shikamoo.*

*Asante kwa kutukabidhi kazi hii. Nakala ya mkataba tuliousaini jana nimeiambatanisha.*

*Kazi yetu inaanza na mauzo na manunuzi ya tarehe 1 Machi 2025. Kodi ya mishahara ya Februari, ambayo mwisho wake ni leo, na ritani ya VAT ya Februari, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 Machi, zinafanywa na mhasibu wako wa awali. Nimeongea naye asubuhi hii na amekubali. Naomba akutumie uthibitisho wa kila moja, nawe unipe nakala. Hesabu za mwaka 2024 na ritani yake ya tarehe 30 Juni tutazifanya sisi.*

*Jambo la kwanza mbele yetu ni makadirio ya kodi ya mapato ya mwaka huu. Kisheria mwisho ni tarehe 31 Machi, lakini kwa ajili ya Idi tutayapeleka Alhamisi tarehe 27. Ili tufike hapo, naomba vitu hivi kufikia Ijumaa tarehe 14:*

*1. Jumla ya mauzo ya kila mwezi ya mwaka 2024 kutoka kwenye ripoti za mashine ya EFD. Keshia anazo.*

*2. Taarifa za akaunti zote mbili za benki, kuanzia tarehe 1 Januari 2024 hadi 28 Februari 2025. Omba benki wakupe kwa PDF.*

*3. Makadirio ya mwaka jana na stakabadhi za awamu zote ulizolipa. Kama hauko nazo, mhasibu wa awali anazo.*

*4. Jina la mtu ambaye simu yake na barua pepe yake ndizo zilizoandikishwa kwenye akaunti ya kodi ya kampuni. Nahitaji jina tu. Usinitumie nywila.*

*Kimoja kikikosekana, niambie kimekosekana kisha utume vilivyopo. Orodha ya mishahara nitaiomba tarehe 20 Machi na nitakueleza njia ya kuituma. Nyaraka nyingine zilizotajwa kwenye mkataba hazihitajiki kwa sasa.*

*Kwa maswali ya kila siku mpigie msaidizi wangu, ambaye ndiye atakayeshika faili lako. Akichelewa kukujibu zaidi ya siku moja ya kazi, au kukiwa na barua yoyote kutoka mamlaka ya kodi, nipigie mimi moja kwa moja. Naomba nawe unipe jina la mtu mmoja dukani ambaye msaidizi wangu anaweza kumuuliza bila kukusumbua.*

*Akaunti ya kulipia ada ni ileile iliyo ukurasa wa 4 wa mkataba. Haitabadilishwa kwa barua pepe wala kwa Wasapu. Ukipata ujumbe unaosema imebadilika, usilipe; nipigie kwa namba iliyo kwenye mkataba.*

*Nitakupigia Jumatatu tarehe 10 saa 4 asubuhi. Tutahitaji dakika 20, na ni vizuri keshia awe karibu.*

Hiyo ndiyo barua nzima. Mambo machache ndani yake yanahitaji maelezo, kwa kuwa kila moja lina kisa nyuma yake.

Kichwa chake hakisemi "Karibu sana". Baada ya wiki mbili mteja ataitafuta barua hii katikati ya barua 400 nyingine, na neno atakaloandika kwenye kisanduku cha kutafutia ni "makadirio" au "kodi". Kichwa chenye tarehe pia kinafanya kazi hata kwa asiyeifungua barua, maana tarehe anaiona kwenye kioo cha simu.

Kila kitu nilichoomba kina jina la aliyenacho. Nilipokuwa naandika "ripoti za mauzo" bila zaidi, mwenye duka alifikiri namtaka yeye aziandae. Kumbe mashine ya EFD hutoa ripoti ya Z kila siku ya mauzo, na keshia huzihifadhi kwenye faili au, kwa bahati mbaya, kwenye boksi la viatu. Nikishaandika kwamba keshia anazo, mama anachofanya ni kumpa keshia simu asome. Ripoti hizo zina hatari moja ambayo naieleza kwa mdomo katika ile simu ya Jumatatu: karatasi yake huandikwa kwa joto, na maandishi hufifia. Risiti iliyokaa miezi kadhaa kwenye dashibodi ya gari au karibu na jiko hubaki nyeupe. Kwa hiyo namwambia keshia azipige picha mapema, na kama anazituma kwa Wasapu azitume kama faili la hati, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa njiani na tarakimu ndogo hazisomeki. Mkazo huohuo nauweka kwenye risiti za manunuzi. Ili mteja arudishiwe VAT aliyoilipa kwa muuzaji, risiti iwe na namba ya mlipakodi ya kampuni yake. Risiti isiyo na namba hiyo haina faida kwake hata kama ni ya milioni 10, na kumrudia muuzaji baada ya mwezi ni kazi ya kuchosha. Haya yote sikuyaweka kwenye barua. Yangeirefusha, na mtu huyaelewa haraka zaidi akiwa na risiti mkononi.

Jambo la nne kwenye orodha, simu iliyoandikishwa kwenye akaunti ya kodi, lilikuwa la mwisho nilipoanza kazi hii. Siku hizi naona ndilo linalokwamisha zaidi. Wafanyabiashara wengi walifunguliwa akaunti na mhasibu wao, naye akaweka simu yake na barua pepe yake. Mhasibu akishaondoka, kila ujumbe kutoka kwenye mfumo unakwenda kwake. Huna ubaya naye, lakini siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani yuko safarini na simu imezimwa. Kubadilisha taarifa hizo huchukua siku kadhaa na huenda mwenye kampuni akahitajika mwenyewe. Ukijua mapema, siku zipo. Ukijua tarehe 27 Machi, hazipo. Nywila nayo siiombi kwa barua kwa sababu barua pepe hubaki kwenye simu ya kila aliyewahi kuipokea, pamoja na ile itakayoibwa kwenye daladala.

Kuhusu watu wa kuwasiliana nao, nimewahi kupokea barua za wenzangu zenye majina saba na vyeo vyao. Mteja anahitaji wawili: wa kila siku, na wa siku mambo yakiharibika. Ni muhimu pia aambiwe kinachotofautisha siku hizo mbili. Nimeandika "zaidi ya siku moja ya kazi" na "barua yoyote kutoka mamlaka ya kodi" kwa sababu mteja mpya ni mpole. Atamvumilia msaidizi asiyejibu kwa wiki nzima akidhani ndivyo tunavyofanya kazi. Kwa upande wake naomba jina moja, na siku ya simu nahakikisha mtu huyo anajua ametajwa. Mara mbili nimekuta keshia anayekataa kutoa karatasi kwa sababu hakuna aliyemwambia sisi ni nani. Alikuwa sahihi kukataa.

Aya ya akaunti ya benki niliiongeza baada ya kusikia visa vya wenzangu katika biashara nyingine. Wiki za kwanza baada ya mkataba ni wiki za hatari. Mteja ameshajua atalipa, lakini hajaizoea sauti ya anayemlipa wala mtindo wake wa kuandika. Mwizi aliyeingia kwenye barua pepe ya mmoja wao anachohitaji ni ujumbe mmoja mfupi wenye nembo ileile na namba mpya ya akaunti. Herufi moja kwenye anwani ikibadilishwa, nani ataiona kwenye simu? Ulinzi wake ni wa kizamani: sauti ya mtu, kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi kabla mwizi hajaja. Sharti hilo lazima lifike kwa mteja kabla ya ujumbe wa mwizi, na ndiyo maana mahali pake ni barua ya kwanza.

Barua niliituma Ijumaa tarehe 7, saa 3 asubuhi, baada ya kuongea na mhasibu wa zamani. Ukichelewa siku nne au tano, mteja tayari ameanza kukuuliza maswali kwa vipande vipande kwenye Wasapu, na majibu yako yametawanyika mahali ambapo hakuna atakayeyapata.

Kisha nikaangalia ukimya. Mteja aliyeielewa barua huuliza swali dogo: taarifa ya akaunti ya dola nayo? Ripoti ya Desemba imechanika, nifanyeje? Mteja anayejibu "Sawa, asante" bila swali lolote, mara nyingi hajafungua zaidi ya mstari wa pili. Mama alijibu "Sawa mwanangu, ubarikiwe", nikajua simu ya Jumatatu ndiyo itakayofanya kazi. Katika dakika 20 zile tulisoma vitu vinne kimoja kimoja, keshia akiwa pembeni. Ripoti za mashine zilikuwepo zote isipokuwa za Juni, ambapo mashine ilikuwa kwa fundi. Taarifa za benki aliziomba siku hiyohiyo. Simu iliyoandikishwa ilikuwa ya mpwa, kama nilivyohofia, na tulianza kuibadilisha kesho yake.

Vitu vitatu vilifika Ijumaa tarehe 14. Cha nne, stakabadhi za awamu za mwaka uliopita, kilifika Jumatano tarehe 19 kutoka kwa mpwa, pamoja na uthibitisho wa VAT ya Februari aliyoiwasilisha siku moja kabla ya mwisho wake. Makadirio tuliyapeleka Alhamisi tarehe 27 Machi, na mama akalipa awamu ya kwanza mchana wake kabla hajaenda kununua nguo za Idi za wajukuu.

Wewe uliyetia saini mkataba na mhasibu mpya mwezi huu, na kilichokufikia mpaka leo ni salamu na nembo ya ofisi yake, mpigie simu kabla ya tarehe 20. Muulize ritani ya mwezi uliopita anaiwasilisha nani, kisha mwombe akuandikie jibu lake.